Cheti cha Lubumbashi kilichosomwa kichwa chini

Picha ziliingia kwenye simu yangu saa mbili usiku. Alizituma dada mmoja ambaye ni afisa rasilimali watu wa kampuni ya kutoa mizigo bandarini, hapa Dar es Salaam. Wateja wao wengi ni wa Katanga: kontena linashuka bandarini, linapanda lori hadi Tunduma, linakatiza Zambia na kuingia Kongo kwa mpaka wa Kasumbalesa. Walikuwa wanatafuta mhasibu anayejua Kifaransa, na kijana mmoja wa Lubumbashi aliyekuwa amehamia Dar aliomba kazi hiyo. Chini ya picha dada aliandika: "Shikamoo Mwalimu. Kijana kwenye usaili tumempenda, ila mzee amekataa. Tangazo lilisema shahada, yeye ana diploma na leseni. Hebu tuangalizie kabla hatujamjibu."

Nilifundisha Kifaransa sekondari kwa miaka mingi, na tangu nistaafu ninatafsiri nyaraka: vyeti vya kuzaliwa, vya ndoa, hati za mahakama, na zaidi ya yote vyeti vya shule vya Wakongo na Warundi wanaotafuta kazi au vyuo huku kwetu. Niliposoma ujumbe ule nilijua kosa liko wapi kabla sijafungua picha, kwa sababu nilikuwa nimeshaliona mara nyingi.

Picha zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikuwa na maneno "Diplôme de Gradué", na ya pili "Diplôme de Licencié". Afisa yule alisoma Kifaransa kwa macho ya Kiingereza, kama ambavyo mtu yeyote wa Dar angefanya. "Gradué" akaona ni mhitimu wa chuo kikuu, kwa hiyo akafikiri labda hiyo ndiyo shahada, lakini juu yake pameandikwa diploma. "Licencié" akaona ni leseni, kama leseni ya udereva au ya biashara, cheti cha kumruhusu mtu kufanya kazi fulani. Mzee mwenye kampuni naye aliona neno moja tu lililoonekana wazi kwenye karatasi zote mbili, yaani diploma, akafunga faili.

Maneno yale yanasema kinyume chake. Kwa Kifaransa "diplôme" ni cheti chochote cha kuhitimu. Mtoto akimaliza sekondari Kongo anapata "diplôme", na daktari wa falsafa naye anapata "diplôme". Neno hilo halisemi lolote kuhusu ngazi. Ngazi iko kwenye neno linalofuata, na hilo ndilo la kutazama. Katika mfumo wa Kongo ambao kijana huyu alisomea, chuo kikuu kilikuwa na vipande viwili. Mwanafunzi alisoma miaka 3 ya kwanza, ikaitwa gradua, akapewa cheti cha "Gradué". Wengi waliishia hapo wakaenda kutafuta kazi. Aliyeendelea alisoma miaka 2 zaidi, ikaitwa lisansi, akawa "Licencié". Kwa hiyo lile lililosomwa kuwa leseni ndilo lililokuwa juu: miaka 5 ya chuo kikuu baada ya sekondari. Na lile lililosomwa kuwa mhitimu ndilo lililokuwa chini.

Ningeweza kumjibu dada usiku uleule kwamba kijana ana shahada, ampe kazi. Sikufanya hivyo, na sababu yake ni jambo lililonipata miaka ya nyuma ambalo bado linaniuma.

Mama mmoja wa Bukavu aliniletea cheti chake cha lisansi nikitafsiri kwa Kiingereza, maana ndiyo lugha ambayo mafaili ya waajiri wetu hutunzwa. Cheti kilisema alifaulu "avec Distinction". Nilitaka kumsaidia. Mwajiri wake mtarajiwa asingejua maana ya neno hilo, nikaona nimrahisishie: nikaandika Daraja la Kwanza. Sikuweka maelezo yoyote pembeni. Baadaye, vyeti vyake vilipopitiwa na watu wanaoujua mfumo wa Kongo, daraja halikulingana na lile nililoandika mimi. Mwajiri hakuniuliza mimi. Alimwuliza yule mama kwa nini amejipandisha daraja. Yeye alikuwa hajaandika hata neno moja kwenye tafsiri ile, lakini jina lililokuwa juu ya karatasi lilikuwa lake, na nafasi akaikosa. Nilimwandikia mwajiri barua ya kukiri kwamba kosa ni langu. Barua ilifika wakati nafasi imeshajazwa.

Tangu siku hiyo ninatenganisha kazi mbili ambazo zamani nilizichanganya. Ya kwanza ni kutafsiri kilichoandikwa, na hapo siongezi wala sipunguzi. Ya pili ni kueleza maana yake kwa mtu asiyeujua mfumo ule, na maelezo hayo yanakaa kwenye karatasi yake peke yake, yakiwa na kichwa kinachosema wazi kwamba ni maelezo ya mtafsiri. Cheti kinabaki na maneno yake, na "Distinction" inabaki "Distinction".

Nikarudi kwenye picha za kijana wa Lubumbashi. Picha ya lisansi ilipigwa usiku, chini ya taa, na mwanga wa simu ulikuwa umemwagika katikati ya karatasi kama doa jeupe. Doa lilikaa palepale panapoandikwa daraja. Niliona mwisho wa mstari, neno "Distinction", lakini kabla yake palikuwa peupe. Mtu mwingine angeona haidhuru, neno linasomeka. Ila Kongo kuna "Distinction" na kuna "Grande Distinction", na juu yake ipo nyingine inayoitwa "La Plus Grande Distinction". Doa lile lingeweza kufunika nafasi tupu, na lingeweza kufunika neno linalompandisha kijana ngazi nzima. Isitoshe kidole gumba cha aliyeshika karatasi kilifunika kona ya chini kushoto, mahali ambapo kwa vyeti vingi panakuwa na nambari na mahali kilipotolewa.

Nilimpigia kijana mwenyewe. Nilimwuliza daraja lake bila kumtajia nilichokiona. Akajibu kwa Kiswahili chao cha Lubumbashi, "Ni distinksyo, mama, ya gradua ilikuwa satisfaksyo." Nilimwamini, lakini tafsiri haiandikwi kwa kuamini. Nikamwomba apige picha upya mchana, karibu na dirisha, taa ya simu ikiwa imezimwa, karatasi imelazwa mezani juu ya kitambaa cheusi ili kona zote nne zionekane, na simu ishikwe juu yake moja kwa moja bila kuinama. Nikamwambia pia asiitume kama picha ya kawaida kwenye WhatsApp, maana inabanwa na maandishi madogo ya muhuri yanageuka ukungu. Aitume kama faili. Na zaidi ya yote nilimwomba karatasi ya alama za miaka yote miwili ya lisansi.

Watu wengi hutuma cheti peke yake wakidhani kimejitosheleza. Kwangu mimi karatasi ya alama ndiyo inayobeba uzito. Cheti kinataja daraja kwa neno, lakini karatasi ya alama inaonyesha neno hilo limetoka wapi. Masomo ya Kongo hupimwa kwa alama 20, na jumla huwekwa kwa asilimia. Katika mfumo ule wa zamani, kuanzia asilimia 50 hadi 69 ni "Satisfaction", 70 hadi 79 ni "Distinction", 80 hadi 89 ni "Grande Distinction", na 90 kwenda juu ni ile ya juu kabisa. Mwaka wa mwisho wa kijana ulikuwa na asilimia 73. Picha mpya nayo ilikuja safi, na chini ya lile doa hapakuwa na kitu. Alikuwa amesema kweli.

Lakini picha mpya ilileta swali jingine, na dada ndiye aliyeliona kwanza. Akanipigia: "Mwalimu, wasifu wake unasema amemaliza 2015, cheti kimetolewa 2018. Miaka 3 hiyo alikuwa wapi? Mzee atasema kimetengenezwa." Swali lake lilikuwa la haki. Kwenye cheti kuna tarehe mbili, na zote ni za kweli. Mstari mmoja unataja mwaka wa masomo ambao jopo la watahini lilikaa na kumtangaza amefaulu, nao ulikuwa 2014-2015. Mstari wa chini kabisa unataja siku ambayo karatasi yenyewe ilitolewa. Kongo mtu anaweza kukaa muda mrefu bila cheti chake halisi, na katikati hapo anatumia hati ya muda ya kuthibitisha kwamba amefaulu. Nikamwomba kijana hiyo hati ya muda. Alikuwa ameitunza kwenye bahasha moja na kadi ya ubatizo, na tarehe yake ilikuwa ya 2015. Hoja ikaisha hapo, bila mtu kulazimika kumwamini mwenzake kwa maneno matupu.

Jambo la majina nililitaja kwa kifupi tu kwenye maelezo yangu, lakini lingeweza kuzua mashaka vilevile. Mkongo huandika jina la ukoo kwanza, kisha jina la pili la asili, na jina la dini mwisho. Jina hilo la pili lilienea tangu 1972, pale Mobutu alipopiga marufuku majina ya Kikristo. Kijana kwenye wasifu wake alikuwa ameanza na jina la dini, kama tunavyofanya sisi, na lile la pili hakuliweka kabisa. Cheti na wasifu vilionekana kama vya watu wawili. Nilimwambia aandike majina yote matatu kwa mpangilio wa pasipoti yake.

Kilichobaki kilikuwa kigumu kuliko vyote. Mzee alikuwa ameshakubali kwamba lisansi si leseni. Sasa alitaka namba, yaani wastani wa pointi ambao vyuo vyetu huuita GPA. "Mimi nataka GPA," alimwambia dada. "Tangazo letu linasema 3.5 kwenda juu. Mwalimu anipe GPA yake tu." Fomu yao ya kuajiri ilikuwa na kisanduku cha GPA, na mfumo wa kompyuta haukukubali kiachwe wazi. Dada alikuwa ameshapiga hesabu: asilimia 73 ukizidisha kwa 5, ambayo ndiyo GPA ya juu kabisa kwetu, unapata 3.65. Kwa vyuo vyetu hiyo ni Daraja la Pili la Juu, ambalo linaanzia 3.5 na kuishia 4.3. Kijana anapita, kazi imekwisha.

Hesabu ile ilimnufaisha kijana, na bado niliikataa. Nilimwomba dada anipe dakika kumi, nikamwonyesha kwa nini haina msingi. GPA ya vyuo vyetu haitokani na kuzidisha asilimia. Kila somo hupewa herufi kwanza, herufi hupewa pointi, kisha pointi ndizo zinazotafutiwa wastani. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa mfano, alama 70 tayari ni A, na A ndiyo herufi ya juu kabisa. Mwanafunzi wa hapa mwenye alama za sabini na kitu kwenye masomo yake yote anamaliza na Daraja la Kwanza. Kwa hiyo ukimpitisha kijana wa Lubumbashi kwenye mlango wa herufi, asilimia 73 yake inatoa Daraja la Kwanza. Ukimpitisha kwenye mlango wa kuzidisha, inatoa la Pili la Juu. Watu wawili waaminifu, karatasi moja, madaraja mawili.

Kisha nikamwambia amfikirie mwombaji mwingine mwenye asilimia 66, aliyepata "Satisfaction". Kwa kuzidisha anapata 3.3, ambayo kwetu ni Daraja la Pili la Chini, na kompyuta inamtupa nje kabla mtu hajamsoma. Kwa herufi, alama ya 66 ni B+, na mwenye B+ kila somo anavuka mstari wa 3.5 bila shida. Mtu huyo anaweza kukosa kazi kwa sababu tu ya kikokotoo kilichotumika. Na neno lenyewe linamwumiza mara ya pili, kwa kuwa "Satisfaction" masikioni mwetu linasikika kama ameridhisha tu, amepita kwa shida. Kongo kundi hilo ni pana mno: limembeba aliyepata 51 na aliyepata 69 pamoja, na wanafunzi wazuri wengi wanaishia humo. Ndiyo maana kwa mwenye "Satisfaction" huwa sikubali kuandika maelezo bila kuona asilimia.

Dada alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Sasa kisanduku niandike nini?" Nikamwambia aandike kilichopo: asilimia 73, Distinction, mfumo wa Kongo, hakuna GPA. Kama kompyuta inakataa, faili lake liwekwe mezani kwa mkono. Kulinganisha daraja la nje na letu kuna mwenye mamlaka nako, ambaye ni Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU. Mimi nina muhuri wa kutafsiri tu.

Karatasi ya maelezo niliyompelekea mzee ilikuwa ya ukurasa mmoja. Niliandika kwa Kiswahili ili aisome mwenyewe bila mtu wa kumfasiria, na sehemu yake kuu ilisema hivi:

"Mwombaji ana vyeti viwili vya chuo kikuu kimoja. Cha kwanza, Gradué, ni cha miaka 3 ya mwanzo. Cha pili, Licencié, ni cha miaka 2 iliyofuata, na hakitolewi kwa mtu asiye na cha kwanza. Neno Diplôme kwenye vyeti vyote viwili maana yake ni cheti, si stashahada. Licencié si leseni. Ni cheo cha kitaaluma cha aliyemaliza miaka 5 ya chuo kikuu katika Sayansi za Uchumi na Menejimenti. Daraja la Distinction kwa mfumo wake linatolewa kuanzia asilimia 70 hadi 79. Yeye alipata 73. Ngazi mbili ziko juu ya hiyo na moja iko chini yake. Maelezo haya hayalinganishi daraja hilo na madaraja ya Tanzania. Yameandikwa kutokana na picha za vyeti. Mtafsiri hakuona karatasi halisi na hathibitishi uhalali wake."

Sentensi ile ya mwisho siiachi hata siku moja. Picha inaweza kunionyesha kwamba maneno yanaafikiana, tarehe zina mantiki na asilimia inazaa daraja lililotajwa. Haiwezi kunionyesha kama muhuri ulipigwa na mkono uliostahili. Hilo ni la kuulizwa chuoni kwenyewe, na kuonwa kwenye karatasi halisi siku ya kuajiri.

Mzee alisoma, akanipigia mwenyewe. Aliuliza swali ambalo nimeulizwa na waajiri wengi wakishaelewa suala la miaka: "Kama ni miaka 5, na mwanangu Mlimani alisoma biashara miaka 3 akapata shahada ya kwanza, huyu si ana shahada ya uzamili?" Nilimjibu kwamba kuhesabu miaka peke yake hakutoshi kumpa mtu jina la shahada, kwa sababu hata hapa kwetu wapo wanaosoma miaka 4 au 5 na bado shahada yao ni ya kwanza. Anachoweza kukitegemea leo ni kwamba mwombaji ana elimu kamili ya chuo kikuu na amekidhi sharti la tangazo. Cha kulipia mshahara wa uzamili, asubiri TCU. Akasema sawa, akamchukua kwa mkataba wa miezi 6 wenye sharti la kuleta barua ya TCU, na kijana akapeleka vyeti, alama na tafsiri wiki ileile.

Mwezi uliopita binti mmoja wa Lubumbashi alinitumia picha ya cheti chake, nacho kimeandikwa lisansi. Picha nzuri, kona nne zote, hakuna doa. Nilikuwa nimeshaanza kuandika miaka 5 kwa mazoea ya mkono, nikasimama kutazama mwaka. Vyuo vya Kongo vimehamia mfumo mwingine, na uhamaji mkubwa ulianza na mwaka wa masomo 2021-2022: sasa lisansi ni miaka 3 kama ilivyo Ufaransa, anayeendelea anasoma miaka 2 ya uzamili, na gradua inaondoka. Neno ni lilelile kwa herufi zote, juu ya karatasi inayofanana, lakini la kijana wa bandarini lilibeba miaka 5 na la binti huyu linabeba 3. Nilifuta mstari, nikamwomba karatasi zake za alama, mwaka kwa mwaka.